Umeme Unaliwa Wapi? Falsafa Yangu ya Kufundisha na Balbu Mbili za Tochi

(Haya ni maongezi niliyoyatoa hapa Tanga kwa vijana wanaojiandaa kuomba kazi za ukufunzi msaidizi na uhadhiri msaidizi. Nimeyaandika karibu na nilivyoongea, kwa hiyo msinidai sana nukta na mkato.)

Shikamooni wakubwa, na nyie wadogo zangu hamjambo. Nimeambiwa niongee nusu saa kuhusu ile karatasi ya falsafa ya kufundisha, ile mnayoambatanisha na barua ya maombi na CV, ambayo wengi wenu mnaiandika usiku wa mwisho kabla dirisha halijafungwa. Msicheke, hata mie yangu ya kwanza niliiandika hivohivo.

Ile yangu ya kwanza ilikuwa tamu kweli. Naamini katika ufundishaji shirikishi, naamini kila mwanafunzi ana uwezo, naamini mwalimu ni mwezeshaji na sio bwana mkubwa, ukurasa mzima umejaa naamini naamini utadhani nasali. Nikaitwa usaili kwenye chuo fulani, nikakaa mbele ya watu watano, mama mmoja wa makamo akaishika ile karatasi akaisoma mpaka mwisho kisha akaniuliza kitu kimoja tu, "Baba, hapa umesema unafundisha kwa kushirikisha, hebu nielezee semina yako moja, uliingia ukafanya nini, wakajibu nini, ukafanya nini tena." Wallahi nilikauka. Nilikuwa nimeshafundisha miaka miwili kwa mkataba lakini sikuwa na semina hata moja kichwani niliyoweza kuielezea kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nikaishia kusema huwa nauliza maswali na wanafunzi wanajibu. Kazi sikupata na haki yao.

Basi tangu hapo falsafa yangu niliipunguza mpaka ikawa sentensi moja: sifundishi jambo mpaka nimesikia wanafunzi wanalikoseaje. Ndo hiyo tu. Na chini yake naweka semina moja, ile ya balbu mbili, na leo nawapa hiyohiyo yote maana nikiwapa falsafa bila balbu nitakuwa nimerudi kulekule.

Mie nafundisha fizikia, mwaka wa kwanza, kundi la semina lilikuwa na vijana 38. Mada ni sakiti za umeme, kitu ambacho wamekisoma tangu sekondari, kanuni ya Ohm wanaijua kwa kichwa, ukimuamsha mtu usiku wa manane atakwambia V ni sawa na I mara R. Nikaingia na betri mbili kubwa za tochi, balbu mbili ndogo za tochi zilizoandikwa 2.5V 0.3A, vishikizo vyake, na waya. Zile balbu siku hizi kuzipata ni shughuli kwa sababu tochi zote zimekuwa za LED, nilizunguka Ngamiani barabara kwa barabara mpaka nikampata mzee mmoja anauza vipuri vya zamani, anazo kwenye kopo la maziwa. Na LED haifai kwa kazi hii, maana yenyewe inapitisha mkondo upande mmoja tu, utawachanganya watu bure.

Nikachora ubaoni: betri, balbu ya kwanza, balbu ya pili, waya unarudi kwenye betri, kila kitu kwa mfuatano. Sijawasha. Nikauliza, nikiunganisha hii, ipi itawaka zaidi? Kidole kimoja kama ni ile iliyo karibu na upande chanya, viwili kama zitalingana, vitatu kama ni ile iliyo karibu na upande hasi. Vidole mnaviweka kifuani, sio juu, hapo jirani hakuoni na humuigi yule anayejulikana ni kipanga wa darasa. Afu kila mtu aandike kwenye kijikaratasi sababu yake, sentensi moja, kwa lugha yoyote, jina hiari.

Kidole kimoja walikuwa 24. Viwili, yaani jibu sahihi, 9. Vitatu 5.

Ukiishia kwenye hesabu hiyo utasema basi 9 wanajua na 29 hawajui, nenda ubaoni ukawafundishe. Mie nilikuwa hivo zamani. Lakini vile vijikaratasi ndo vina kazi, na huwa navisoma palepale mbele yao, dakika tatu nne darasa linaongea mie nasoma. Wale 24 karibu wote wameandika kitu kilekile kwa maneno tofauti: umeme unafika balbu ya kwanza unaliwa, unaobaki ndo unaenda ya pili. Wale 5 nao, ukiwasoma, wana kosa lilelile ila wameligeuza, wamekumbuka elektroni zinatoka upande hasi kwa hiyo balbu ya upande hasi ndo inakula kwanza. Kisha kwenye wale 9 wa jibu sahihi nikakuta 4 wameandika kwamba balbu zinafanana kwa hiyo zinagawana mkondo nusu kwa nusu. Jibu sahihi, sababu mbovu. Ningewapa alama kamili na wangeondoka wanaamini balbu ni walaji wawili wanaogawana chapati. Kwa hiyo kati ya 38 waliokuwa na jibu na sababu walikuwa 5 tu, tena kwa kitu kilichokuwepo kwenye mtihani wa kidato cha nne.

Sasa sikilizeni hapa kwenye neno "unaliwa". Hili neno sikuliona siku ya kwanza, nililiona mwaka wa pili nikiwa nyumbani, mama mkwe analalamika friji inakula umeme, mke wangu anasema umeme umebaki yuniti nne, na mtoto anauliza umeme ukiisha tutaangaliaje katuni. Nikasimama pale jikoni kama mjinga. Kiswahili chetu cha kila siku kina neno moja, umeme, na hilo neno tunalinunua kwa LUKU, tunalipima kwa yuniti, linaliwa na linaisha. Na mama mkwe hajakosea! Yuniti ya LUKU ni kilowati moja kwa muda wa saa moja, ni kipimo cha nishati, taa ya wati 10 itakaa nayo saa 100, na nishati kweli inatoka kwenye mita inageuka mwanga na joto na hairudi. Kijana anayeandika umeme unaliwa kwenye balbu ana haki kabisa kama umeme wake ni nishati. Anakosea pale tu anapochukua neno lilelile akalipachika kwenye mkondo, zile ampea. Mkondo hauliwi.

Nisiwadanganye lakini, sio Kiswahili ndo kinaleta kosa. Lillian McDermott na wenzake Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani walichapisha mwaka 1992 utafiti wao kuhusu wanafunzi wa chuo wanavyoelewa sakiti, na wakakuta hilihili la mkondo kutumika ukaisha, kwa watu wanaoongea Kiingereza tangu tumboni. Kosa ni la binadamu. Ila sisi kosa letu lina mlango wake, na mlango ni LUKU, na mwalimu asiyeujua huo mlango atakuwa anagonga ukuta.

Turudi darasani. Hii mbinu ya kura na kubishana wawiliwawili sio yangu, ilikuzwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, kuanzia mwaka 1991, na ina kipimo chake ambacho watu wanaoiiga wanakiacha: waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70 ndo unawaachia wabishane. Wakizidi hapo mjadala ni kupoteza muda, songa mbele. Wakiwa chini ya 30 usithubutu, maana wenye kosa ni wengi na wana sauti, watawageuza hata wale wachache. Sasa 9 kwa 38 ni kama asilimia 24. Kwa hiyo sikuwaachia.

Badala yake niliandika ubaoni neno UMEME kubwa, nikawaambia nitajieni kila sentensi ya nyumbani yenye neno hili. Zikaja, umeme umekatika, umeme mdogo leo, umeme umeisha, umenipiga umeme, feni inakula umeme. Kisha tukazipitia, kila moja tunauliza hapa umeme maana yake nini. Umeme umeisha, nishati. Umeme mdogo, volteji. Umenipiga umeme, hapo ni mkondo uliopita mwilini. Dakika kumi hivi, kelele nyingi, watu wanabishana kama wako barazani na kahawa, lakini mwisho neno moja limekuwa maneno matatu na kila mtu kaona kwa macho yake. Sijawaambia jibu la balbu bado. Nikarudia kura ileile. Kutoka 9 wakawa 17.

Kumi na saba kwa 38 ni asilimia 45, hapo sasa sawa. Nikasema mtafute mtu mwenye vidole tofauti na vyako, umshawishi, dakika nne. Na mie kazi yangu hapo ni kuzunguka na kufunga mdomo, kitu kigumu kweli kwa mwalimu, nakwambieni. Kuna kijana mmoja mkubwa kidogo, kabla ya chuo alikuwa fundi wa kufunga umeme majumbani, nikamsikia anamwambia mwenzie, "Sikiliza, mie nimefunga nyumba za watu. Ule waya wa nyutro, wa kurudi, ukiukata taa inazima. Sasa kama umeme unaishia kwenye taa, waya wa kurudi tunauvuta wa kazi gani, pambo?" Mwenzie akanyamaza kidogo, kisha akajibu jibu ambalo ni la Tanga hili, sidhani kama ningelisikia mji mwingine. Akasema, "Mbona baiskeli ya babu yangu taa ya dainamo ina waya mmoja tu?"

Mnacheka, lakini lile swali ni zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye mada hii, na mie sikuwa nimelipanga. Dainamo ya zamani ya baiskeli kweli unauona waya mmoja unaenda kwenye taa. Nikawaacha wenyewe wahangaike nalo. Kama dakika moja hivi kimya, mie natamani kusema najizuia, kisha binti mmoja nyuma akasema kwao taa ilikuwa inagoma mpaka baba yake anakwangua rangi na kutu pale dainamo inaposhikia fremu. Basi ikawa imekwisha. Fremu ndo waya wa kurudi. Kile chuma chote cha baiskeli ni waya wa pili, na rangi ikikaa katikati njia imekatika, taa haiwaki.

Kura ya tatu, 29.

Hapo ndo nikaunganisha balbu. Zikawaka sawasawa, zote zimefifia kidogo kwa sababu kila moja imepata kama nusu ya volteji. Watu wakapiga makofi, na mwalimu mwingi hapo anafunga daftari. Lakini wale wanne wa nusu kwa nusu mnawakumbuka? Wao pia walitabiri balbu zitalingana, kwa hiyo mwanga uliolingana umewathibitishia kosa lao. Macho peke yake hayawezi kuwatenganisha na waliopatia. Inabidi mita.

Nikachukua maltimita, waya mwekundu nikauhamishia tundu la 10A, nikawauliza kabla ya kupima kila upande useme namba gani utaiona: kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Wa mkondo unaliwa wakasema itapungua hatua kwa hatua. Wa nusu kwa nusu wakasema itaanza kamili, katikati nusu, mwisho sifuri. Nikakata sakiti sehemu ya kwanza nikaingiza mita, 0.22. Katikati, 0.22. Mwisho kabisa, waya unaporudi kwenye betri, 0.22. Nikamwita mmoja wa wale wanne aje apime mwenyewe maana alikuwa ananiangalia kama mganga wa kienyeji. Akapata 0.22.

Sasa basi kilicholiwa ni nini? Hapo nikahamisha waya nikapima volteji, kila balbu 1.45, zidisha kwa 0.22 unapata kama joule 0.32 kila sekunde kwa kila balbu. Ndo hiyo inayoliwa. Yule binti wa fremu akatoa mfano wake mwenyewe, akasema ni kama mnyororo wa baiskeli, pingili zinazoenda gurudumu la nyuma ndo hizohizo zinazorudi, hakuna pingili inayoliwa, anayechoka ni mwenye miguu. Nikaupenda ule mfano nikauandika ubaoni kwa herufi kubwa. Nitarudi kwenye hilo maana lilinitokea puani baadae.

Mwisho wa semina, dakika kumi, kila mtu anaandika sababu yake upya, sasa kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza na mie sitakuwepo kumtafsiria. Utaratibu wangu ni huo, kufikiri kwa Kiswahili kwanza, kuandika kwa Kiingereza mwisho, na katikati ubaoni pana yale maneno matatu yameandikwa kwa lugha zote mbili.

Sasa niwape na ya aibu. Kwenye karatasi yangu ipo na ndo sehemu iliyoulizwa zaidi. Muhula uliofuata, kundi jingine, nikafanya hayohayo yote, kura, maneno, mabishano, nimeshawaambia tuamini macho na mita tusiamini mwalimu. Nikaunganisha. Balbu ya kwanza ikawaka vizuri kabisa, ya pili ikawa nyekundu tu kama kaa la jiko linalozimika. Darasa likalipuka, si tulisema! Wa kidole kimoja wanapeana mikono. Na mie nikafanya kosa baya kuliko lile la usaili, nikasema jaribio limeharibika jamani, jibu sahihi ni kwamba zinalingana, andikeni. Yaani nimetumia saa nzima kuwafundisha wasimwamini mwalimu kisha nikawaambia wamwamini mwalimu. Walinyamaza kwa heshima tu.

Nyumbani nikazigeuzageuza zile balbu kwenye mwanga wa simu, yale maandishi ya kwenye shingo yake ni madogo utadhani yameandikwa na sisimizi. Moja 2.5V 0.3A, nyingine 2.5V 0.2A. Mzee wa Ngamiani kopo lake lina mchanganyiko na mie sikukagua. Ile ya 0.2A waya wake wa ndani ni mwembamba zaidi, ukinzani wake mkubwa, kwa hiyo kwa mfuatano inajichukulia sehemu kubwa ya volteji na inawaka kuliko mwenzie, japo mkondo unaopita kwenye zote mbili ni uleule.

Semina iliyofuata nilirudi nazo hizohizo mbovu, sikununua nyingine. Nikawaambia wiki iliyopita nilikosea namna ya kuwajibu, leo tuulize vizuri: balbu ya kwanza inawaka zaidi kwa sababu iko ya kwanza, au kwa sababu ni ile balbu? Utajuaje? Wakakaa, mmoja akasema tuzibadilishane nafasi. Tukabadilisha. Mwanga ukahama na balbu, sasa ya pili ndo inayong'aa. Mwingine akasema geuza betri, tukageuza, hakuna kilichobadilika. Kisha mita, mkondo sawa sehemu zote tatu. Nawaambieni ukweli ile semina ilikuwa bora kuliko ile ya balbu zinazofanana, kwa sababu dai la "iko karibu na betri" lilipata nafasi ya kushinda likashindwa kwa jaribio walilolibuni wao. Tangu hapo huwa naweka balbu tofauti makusudi, mzunguko wa pili, baada ya zile zinazofanana.

Haya, mnyororo. Wiki tatu baadae nikatoa jaribio la karatasi kwa lile kundi la kwanza, maswali mawili. La kwanza ni sakiti ya mfuatano, mkondo kabla ya balbu ya kwanza umetolewa, taja baada ya ya pili na ueleze kwa sentensi mbili. 31 kati ya 38 wakapata na sababu imenyooka. Nikafurahi. La pili balbu mbili zinazofanana za sambamba, kila moja na njia yake, mkondo kwenye waya mkuu ni 0.62, taja kwenye kila tawi. Hapo 12 wakaandika 0.62 kila mahali. Nikawaita, nikawauliza kwa upole, wakanijibu bila wasiwasi, "Mwalimu si ulisema mnyororo ni uleule kila sehemu." Mnyororo wa baiskeli hauna matawi! Ule mfano niliouandika kwa herufi kubwa uliponya kosa moja ukapanda jingine, kwa sababu sikuwaambia unaishia wapi. Sasa hivi nikiutumia, dakika hiyohiyo nauliza mnyororo huu unaweza kugawanyika njia mbili? Hauwezi. Basi sakiti ya sambamba tutafute mfano mwingine, na tunapima, 0.62 kwenye waya mkuu, 0.31 kwenye kila tawi. Haraka lakini, sambamba kila balbu inapata karibu volteji yote ya betri mbili, inazidi ile 2.5 yake, ukizembea zinaungua na ndo hivyo hazipatikani.

Hiyo ndo karatasi yangu. Ukurasa mmoja na nusu, sentensi moja ya falsafa, kilichobaki ni hayo niliyowaeleza kwa ufupi, na zile namba zote zipo, 9, 17, 29, na wale 12 nao wapo. Rafiki yangu mmoja aliisoma akaniambia toa hao 12, unajichongea. Sikutoa. Na kwenye usaili wa pili, chuo kingine, mjumbe alienda moja kwa moja kwa hao 12, akauliza uligunduaje kwamba ni mnyororo na sio uvivu wa kusoma. Nikamjibu niliwaita wakanieleza, na 9 kati yao walilitaja neno mnyororo wenyewe kabla sijalitaja mie. Akatikisa kichwa akaandika kitu.

Mjumbe mwingine alinibana kwenye lugha, kwanini Kiswahili wakati lugha ya chuo ni Kiingereza. Sikumpa siasa. Nilikuwa na vijikaratasi viwili vya mtu mmoja, bila jina, cha kwanza aliandika kwa Kiingereza kilichonyooka kisarufi kuliko changu, ila fizikia imepinda, ni sentensi ya kitabuni aliyoikariri. Cha mwisho pia cha Kiingereza, sarufi inachechemea, vitenzi vimegongana, lakini amesema mkondo ni uleule na kinachotoka ni nishati. Nikamuuliza mheshimiwa, wewe ungempa nani alama. Sijui alikubali au hakukubali ila hakuuliza tena.

Walichonibana kweli ni muda. Dakika mia moja za semina kwa swali moja la balbu, na silabasi je? Hapo sikuwa na jibu la kupendeza na nyie msijifanye mnalo. Niliwaambia nimeacha kufanya mifano ya kanuni za Kirchhoff za sakiti ubaoni, nimeigeuza asainmenti, na kuna wanaoumia na hilo, hasa wanaokaa mbali ambao wakifika nyumbani hawana wa kumuuliza, kwa hiyo saa yangu ya ofisini ya Alhamisi imekuwa ya Kirchhoff. Na nikasema sifanyi hivi kila wiki, nafanya mara nne kwa muhula, kwenye zile mada ambazo najua zina mlango kama wa LUKU. Wiki nyingine nafundisha kawaida, naeleza, nakokotoa, naondoka. Ukiandika kwenye karatasi yako kwamba kila kipindi chako ni mjadala, mtu aliyefundisha miaka ishirini atajua unamdanganya.

Kuhusu lekcha ya watu 200, maana najua mtaniuliza: vidole kifuani vinafanya kazi hata kwa 200, ila vijikaratasi huwezi kuvisoma. Mie nachukua safu mbili tu, moja ya mbele na moja ya nyuma kabisa, kama karatasi 25 hivi, nasoma hizo. Ya nyuma msiiruke, huko ndo kuna watu kama yule wa dainamo.

Nyie wa historia, uhasibu na sheria mmekaa mnaniangalia balbu zinawahusu nini. Haziwahusu. Mie mlango wa kosa kwenye uhasibu siujui, na hapo ndo kazi yenu ilipo, dada yule pale wa uhasibu kaniambia kabla hatujaanza kwamba kwake ni neno "deni", wanafunzi wake wakilisikia wanajua ni kitu kibaya siku zote, na hata anayekudai wewe au unayemdai wewe Kiswahili kinasema deni lilelile. Nikamwambia hiyo ndo karatasi yako, kaandike hiyo, na uhesabu wangapi.

Maswali karibuni. Balbu na mita viko hapa mezani, anayetaka kujaribu aje, mchanganyiko nimeuacha makusudi mtafute wenyewe ipi ni ipi. Ila naomba, mita ikiwa kwenye ampea msiiunganishe moja kwa moja kwenye betri, iingie katikati ya sakiti pamoja na balbu. Fyuzi nimebakiwa nayo moja.